Gharama Zimeshuka, Faida Imekwenda Wapi? Kusoma Bajeti Nyumbufu kwenye Kiwanda cha Sabuni ya Mawese

Tuchukue kiwanda kidogo cha sabuni ya miche pale Ujiji. Kinanunua mawese kwa madumu ya lita 20 kutoka kwa wafanyabiashara wa Mwandiga na vijiji vya jirani, kinapika, kinamimina kwenye kalibu, kinakata na kuuza. Mwanzo wa mwezi kilipanga kutoa miche 6,000 ya kilo moja moja na kutumia sh 17,400,000. Mawese yakaadimika, na mwezi ukaisha kimetoa miche 4,500. Mhazini anafungua daftari na kukuta matumizi yote ni sh 14,800,000.

Anatoa moja kwa nyingine. Imebaki sh 2,600,000. Kwenye kikao anasema mwezi huu tumebana matumizi vizuri, na wanachama wa kikundi chenye kiwanda wanaitikia kwa kichwa. Lakini kwenye sanduku faida ni sh 500,000 tu, wakati mpango ulikuwa sh 3,000,000. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anasema soko baya, mwingine anamtazama mpishi, na wa tatu anataka kuona risiti za mnunuzi.

Hesabu ya mhazini haina kosa la kutoa. Kosa lake ni kulinganisha vitu visivyolingana: gharama ya kutengeneza miche 4,500 ameiweka kando ya bajeti ya miche 6,000. Ni lazima gharama ionekane ndogo, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Swali linalofaa ni hili: kwa miche 4,500 tuliyotoa kweli, tulipaswa kutumia kiasi gani? Bajeti inayojibu swali hilo huitwa bajeti nyumbufu, kwa kuwa inanyumbuka kufuata kiwango halisi cha uzalishaji. Ile ya mwanzo, iliyokaa palepale kwenye miche 6,000, tuiite bajeti ya awali.

Kwanza, ijue sabuni yako

Bajeti nyumbufu haijengwi kutoka kwenye jumla. Inajengwa kutoka kwenye mche mmoja, na ndiyo maana anayeiandaa anatakiwa kwenda jikoni kabla ya kukaa mezani.

Dumu la lita 20 la mawese safi lina uzito wa karibu kilo 18. Ukiweka gramu 600 za mafuta kwenye mche wa kilo moja, na sehemu iliyobaki ikawa maji na kostiki, dumu moja linatoa miche 30. Ili mawese yote yageuke sabuni, kila kilo moja ya mafuta inahitaji takriban gramu 141 za kostiki soda, yaani kilo 2.54 kwa dumu. Kiwanda chetu kinaweka kilo 2.5, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni na mche usichubue mikono. Kumbuka uwiano huu wa mafuta na kostiki. Ndio utakaotoa ushahidi mkubwa huko mbele.

Kwa bei zilizowekwa kwenye mpango, dumu la mawese ni sh 66,000 na kilo ya kostiki ni sh 3,000. Kwa hiyo kila mche unabeba mawese ya sh 2,200 na kostiki ya sh 250. Vibarua wa kukata, kugonga mhuri na kufunga hulipwa sh 100 kwa mche, na karatasi pamoja na maboksi ni sh 50. Hizi ndizo gharama zinazobadilika: mche ukiongezeka zinaongezeka, mche usipotoka hazipo.

Upande wa pili kuna kodi ya jengo, mshahara wa msimamizi na wa mlinzi, jumla sh 1,500,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hakuulizi umetoa miche mingapi. Hizo ni gharama za kudumu.

Katikati kuna kipengele kinachowasumbua wengi: umeme na kuni. Taa za usiku na pampu ya maji hula umeme hata kama sufuria haijawekwa jikoni, lakini kuni za kuyeyushia mawese na umeme wa mashine ya kukorogea hufuata kazi. Huwezi kukiweka chote upande mmoja. Njia rahisi ya kukigawa ni kutazama miezi miwili iliyotofautiana sana. Tuseme mwezi wa miche 3,000 kipengele hiki kilikula sh 180,000, na mwezi wa miche 6,000 kikala sh 300,000. Miche 3,000 ya ziada ilileta sh 120,000 za ziada, yaani sh 40 kwa mche. Sasa rudi kwenye mwezi mdogo: miche 3,000 kwa sh 40 ni sh 120,000, na sh 60,000 zilizobaki ndizo sehemu ya kudumu. Angalizo moja: usichague mwezi ambao mashine iliharibika au kuni zilinunuliwa za miezi miwili kwa mkupuo, maana mwezi mmoja wa ajabu unaharibu mgawanyo wote.

Kunyumbua bajeti

Ukishafika hapo, kazi iliyobaki ni fupi. Kila kipengele kina sehemu ya kudumu, ambayo inaweza kuwa sifuri, na sehemu ya kila mche. Kwenye lahajedwali weka sehemu ya kudumu safu B, ya kila mche safu C, na idadi ya miche iliyotoka kwenye kisanduku H1. Kisha safu D iandikwe hivi na kushushwa hadi mstari wa mwisho:

```
=B2+C2*$H$1
```

Andika 6,000 kwenye H1 upate bajeti ya awali. Andika 4,500 upate bajeti nyumbufu. Mauzo nayo yananyumbuliwa vivyo hivyo kwa bei iliyopangwa, sh 3,400 kwa mche, ila hayo hufuata miche iliyouzwa. Mwezi huu miche yote 4,500 iliuzwa kwa bei hiyohiyo, basi upande wa mauzo hautusumbui.

| Kipengele | Awali, miche 6,000 | Nyumbufu, miche 4,500 | Halisi, miche 4,500 |
|---|---|---|---|
| Mauzo | 20,400,000 | 15,300,000 | 15,300,000 |
| Mawese | 13,200,000 | 9,900,000 | 11,220,000 |
| Kostiki | 1,500,000 | 1,125,000 | 1,140,000 |
| Vibarua | 600,000 | 450,000 | 450,000 |
| Karatasi na maboksi | 300,000 | 225,000 | 220,000 |
| Umeme na kuni | 300,000 | 240,000 | 270,000 |
| Kodi na mishahara | 1,500,000 | 1,500,000 | 1,500,000 |
| Jumla ya gharama | 17,400,000 | 13,440,000 | 14,800,000 |
| Faida | 3,000,000 | 1,860,000 | 500,000 |

Tazama safu mbili za mwisho. Kwa miche 4,500 kiwanda kilipaswa kutumia sh 13,440,000, nacho kimetumia sh 14,800,000. Kile kilichoitwa kubana matumizi kwa sh 2,600,000 ni kuvuka bajeti kwa sh 1,360,000.

Na faida iliyopotea, sh 2,500,000, sasa inagawanyika vipande viwili ambavyo havipaswi kuchanganywa. Kutoka 3,000,000 hadi 1,860,000 ni sh 1,140,000 zilizoondoka kwa sababu miche 1,500 haikutoka. Unaweza kuhakiki: kila mche unaacha sh 760 baada ya kulipa gharama zake zinazobadilika za sh 2,640, na sh 760 mara 1,500 ni 1,140,000. Kipande hiki anakijibu aliyehusika na upatikanaji wa mawese na oda. Kutoka 1,860,000 hadi 500,000 ni sh 1,360,000 nyingine, nazo zimepotea ndani ya kazi iliyofanyika. Hata mawese yangekuwa tele, uvujaji huu ungekuwepo, tena ungekuwa mkubwa zaidi.

Kuna njia ya mkato inayotumika sana, nayo ni mbovu. Mtu anasema: tumetoa robo tatu ya mpango, basi nachukua robo tatu ya bajeti nzima. Robo tatu ya 17,400,000 ni sh 13,050,000, pungufu kwa sh 390,000 kuliko bajeti nyumbufu sahihi. Hiyo 390,000 ni robo ya gharama za kudumu za sh 1,560,000, ambazo ndani yake imo ile 60,000 ya umeme. Kwa kuzipunguza kwenye karatasi umemdai msimamizi aokoe robo ya kodi ya jengo, jambo ambalo hana uwezo nalo. Na uzalishaji ukivuka mpango, kosa hilohilo linageuka: bajeti inapanuka kupita kiasi na kuficha uzembe.

Kabla ya kumgusa mtu, hesabu kalibu

Tofauti ya mawese ni sh 1,320,000, karibu yote iliyopo. Kwa miche 4,500 yalihitajika madumu 150, na yametumika 165. Lakini neno kutumika lihakikiwe kwanza, kwa sababu hapa ndipo lawama nyingi za bure huzaliwa.

Madumu yaliyotumika siyo yaliyonunuliwa. Ni yaliyokuwepo mwezi ulipoanza, ongeza yaliyonunuliwa, toa yaliyobaki siku ya kufunga. Kama mhazini amechukua risiti za manunuzi peke yake na stoo kuna madumu 15 yamesimama, hakuna kilichopotea.

Vilevile miche iliyotoka siyo ile iliyofungwa kwenye maboksi tu. Sabuni iliyomiminwa jana na bado iko kwenye kalibu imeshakula mawese na kostiki yake yote, ingawa haijakatwa wala kufungwa. Kukiwa na miche 450 ndani ya kalibu siku ya kufunga, madumu 15 yote yameshaelezeka, kwa kuwa 450 gawanya kwa 30 ni 15. Kwa hiyo kipengele cha mawese na cha kostiki vinyumbuliwe kwa miche iliyofungwa pamoja na iliyo kwenye kalibu, na karatasi na ujira wa vibarua vinyumbuliwe kwa iliyofungwa pekee. Usahihi huu unachukua nusu saa ya kuhesabu, na unaweza kumwokoa mpishi na jina la wizi.

Kwenye kiwanda chetu kalibu zilikuwa tupu na stoo ilihesabiwa. Madumu 165 yameingia jikoni kweli.

Bei au matumizi?

Sasa tofauti ya mawese inapasuliwa mara mbili. Madumu 165 yalinunuliwa kwa sh 68,000 badala ya 66,000. Zidio la sh 2,000 mara 165 ni sh 330,000, na hiyo ni tofauti ya bei. Madumu 15 ya ziada, yakithaminiwa kwa bei ya mpango ya sh 66,000, ni sh 990,000, na hiyo ni tofauti ya matumizi. Jumla ni 1,320,000. Matumizi yanathaminiwa kwa bei ya mpango kwa sababu nzuri: mpishi asibebeshwe bei ambayo hakuipatana yeye.

Kwa kawaida tofauti ya bei huulizwa kwa mnunuzi na ya matumizi huulizwa kwa jiko. Ukiishia hapo, mnunuzi anatoka na sh 330,000 ambazo anazitetea kwa urahisi, kwani mawese yakiadimika kila mtu anajua bei hupanda, na mpishi anabaki na karibu milioni nzima shingoni.

Rudi kwenye kostiki. Kama madumu 15 ya ziada yangepikwa kuwa sabuni, yangehitaji kilo 37.5 za kostiki za ziada. Lakini kostiki iliyotumika ni kilo 380 dhidi ya kilo 375 zilizotarajiwa. Kilo 5 ni kidogo, na kostiki hufyonza unyevu wa hewa mfuko ukiachwa wazi, kisha hugandamana na nyingine hubaki mfukoni. Je, mpishi alizidisha mafuta bila kuongeza kostiki? Angefanya hivyo, karibu sehemu moja ya kumi ya mafuta isingegeuka sabuni. Miche ingekuwa laini, yenye ute wa mafuta juu, na wateja wangeirudisha. Sabuni ilikuwa ngumu na iliuzwa yote. Basi mafuta ya ziada hayakuingia ndani ya sabuni.

Yamebaki mawili: ama mafuta yalitoka nje ya geti, ama hayakuwahi kuwa mafuta. Hapa mstari wa umeme na kuni, ambao wengi wangeuruka kwa udogo wake, unaongea. Umezidi kwa sh 30,000. Anayeiba dumu haongezi kuni. Kinachoongeza kuni ni maji, maana mawese yenye maji yanatakiwa kuchemshwa hadi maji yatoke kabla ya kupikwa, na kukausha maji kunakula moto kweli kweli.

Jambo hili linapimika. Pasha dumu hadi mawese yaliyoganda yayeyuke, litikise vizuri, kisha chota gramu 1,000. Usichote juu ya dumu lililotulia. Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini, na ukichota juu utapata mafuta safi ya kukudanganya. Weka kwenye sufuria pana, chemsha kwa moto mdogo. Mafuta yenye maji yanatatarika na kutoa povu. Yakinyamaza, epua, yaache yapoe, pima tena. Yakibaki gramu 910, dumu lina maji asilimia 9, na madumu 15 kati ya 165 ni asilimia 9 hiyohiyo. Ukipata gramu 995, mawese ni safi, na hapo ndipo uanze kutazama geti na ujazo wa madumu yenyewe.

Mizani peke yake haitakusaidia. Lita 2 za maji zikichukua nafasi ya lita 2 za mafuta, dumu linaongezeka uzito kwa gramu mia mbili hivi tu, na gramu hizo zimo ndani ya tofauti ya dumu na dumu.

Kwenye kiwanda chetu dalili zote zinaelekeza kwenye maji, hivyo tofauti iliyoandikwa matumizi, iliyokuwa inaelekea kumwangukia mpishi, chanzo chake ni ununuzi. Hii ndiyo sababu tunasisitiza mistari isisomwe mmojammoja. Mawese, kostiki na kuni ni mashahidi watatu wa sufuria moja, na ukiwauliza pamoja wanakubaliana.

Mipaka ya chombo hiki

Mstari ulionyooka wa gharama hauendelei milele. Kiwanda hiki kikipanda kutoka miche 6,000 hadi, tuseme, 9,000, huenda kikahitaji chumba cha pili cha kukaushia na mlinzi mwingine, na gharama tuliyoiita ya kudumu itaruka ngazi moja. Ile fomula itaendelea kukupa jibu bila kukuonya. Andika pembeni ya lahajedwali kwamba namba hizi zinafaa kati ya miche 3,000 na 6,000, ambako una kumbukumbu za kweli.

Pia bajeti nyumbufu inachukulia mpango wa kila mche kuwa sahihi. Kama miche 30 kwa dumu ilikadiriwa tu na haijawahi kupimwa, tofauti zote zitapimwa kwa rula iliyopinda. Pika dumu tatu au nne za mawese yaliyohakikiwa, hesabu miche, ndipo uandike kiwango.

Mwezi unaofuata

Mwezi huu dumu limetoa miche 27 na kidogo, si 30. Wengine watashauri kiwango kishushwe hadi 27 ili tofauti ipotee. Hatukubaliani nao. Ukifanya hivyo maji yanaingia kwenye mpango rasmi, na kila mwezi utayalipia bila mstari wowote kupiga kelele.

Kiache kiwango kwenye miche 30 ya mawese makavu, halafu ubadilishe namna ya kulinganisha bei sokoni. Sh 11,220,000 zilizolipwa zilileta mafuta halisi ya madumu 150, yaani sh 74,800 kwa dumu la mafuta makavu. Mfanyabiashara aliyeuza kwa 68,000 alionekana rahisi. Aliyekuwa jirani yake anauza kwa sh 71,000 mawese yaliyochemshwa hadi yakanyamaza, mnunuzi alimpita akidhani anaokoa sh 3,000, kumbe alikuwa anapoteza sh 3,800 kwa kila dumu la mafuta makavu. Mnunuzi aende na sufuria na mizani ndogo, apime kabla ya kulipa, na bei iandikwe daftarini kwa dumu la mafuta makavu. Hapo tofauti ya bei itakaa kwenye mstari wake, na ile ya matumizi itabaki kusema habari za jiko peke yake.